Nani amenunua vyote? Hesabu ya kumpata mteja aliyekamilisha seti

Biashara ya duka la pembejeo katika Nyanda za Juu Kusini huenda na msimu. Mvua zinapokaribia mwezi Novemba, wakulima wa mahindi huja kuchukua mbegu na mbolea ya kupandia, ambayo mara nyingi ni DAP. Wiki kadhaa baada ya kupanda hurudi kwa ajili ya mbolea ya kukuzia, na hapo wengi huuliza UREA. Mwenye duka anayetunza mauzo yake kwenye kompyuta huwa na swali linalojirudia kila mwaka: ni wateja gani wamenunua vitu hivi vitatu vyote?

Ana sababu za kuuliza. Huenda anataka kuwapa punguzo wale waliochukua kila kitu kwake. Au anataka kujua ni nani amepanda kwa mbegu bora na DAP lakini hajarudi kuchukua UREA, ili ampigie simu kabla mahindi hayajapita umri wa kuwekewa mbolea. Wateja wakiwa ishirini, atapekua daftari na kuweka alama pembeni ya kila jina. Wakiwa elfu mbili, na kila mmoja ana mistari kadhaa ya manunuzi iliyotawanyika katika miezi minne, hakuna jicho linaloweza kazi hiyo. Itabidi kompyuta iulizwe, na hapo ndipo watu wengi waliojifunza SQL, lugha inayotumika kuziuliza kanzidata, hukwama kwa mara ya kwanza.

Tuchukue mfano mdogo ambao unaweza kuhakikiwa kwa macho. Duka letu la mfano lina jedwali linaloitwa `manunuzi`, na kila mstari wake unasema jambo moja tu: mteja fulani alinunua bidhaa fulani. Wateja ni watano, nao tumewapa namba badala ya majina. M01 ana mistari mitatu: MBEGU, DAP na UREA. M02 ana miwili: MBEGU na DAP. M03 ana mitatu, lakini mbegu alinunua mara mbili kwa sababu mfuko wa kwanza haukutosha: MBEGU, MBEGU na DAP. M04 ndiye mnunuzi mkubwa, ana mistari mitano: MBEGU, DAP, UREA mara mbili, na SUMU ya viwavijeshi. M05 alikuja kwa mahitaji mengine: UREA, SUMU na JEMBE. Jumla ni mistari 16. Ukiisoma kwa utulivu utaona kwamba waliokamilisha seti ni wawili, M01 na M04. Hilo ndilo jibu sahihi, na kila njia tutakayoijaribu tutaipima kwa jibu hilo.

Anayeanza huandika kile ambacho mdomo wake umetamka: nipe mteja ambaye bidhaa yake ni MBEGU na ni DAP na ni UREA. Kompyuta inarudisha orodha tupu. Haijakosea. Sharti linaloandikwa kwenye `WHERE` hupimwa kwa mstari mmoja mmoja, na hakuna mstari ambao bidhaa yake ni mbegu na mbolea kwa wakati mmoja. Basi anabadilisha "na" kuwa "au", na sasa wateja wote watano wanatokea, akiwemo M05 aliyenunua UREA peke yake. Sharti la kwanza lilidai kisichowezekana. La pili limeridhika na yeyote mwenye japo kimoja.

Kiini cha tatizo ni kwamba jibu halimo ndani ya mstari wowote. Ukimwangalia M01 kwa mstari wake wa DAP, huwezi kujua kama ana UREA. Ukamilifu ni sifa ya mistari yake yote ikitazamwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lolote kuhusu ukamilifu, lazima kwanza mistari ya kila mteja ikusanywe fungu moja. Baada ya hapo swali linageuka kuwa la hesabu: katika fungu hili, kati ya vitu vitatu ninavyovitaka, vimo vingapi? Vikiwa vitatu, mteja amekamilisha.

Kwa SQL inaandikwa hivi:

```sql
SELECT mteja
FROM manunuzi
WHERE bidhaa IN ('MBEGU', 'DAP', 'UREA')
GROUP BY mteja
HAVING COUNT(DISTINCT bidhaa) = 3;
```

Tuifuate hatua kwa hatua, kwa mpangilio ambao maana yake hujengwa. Kwanza `WHERE` inatupa nje mistari yote isiyohusu seti yetu. SUMU ya M04 inaondoka, SUMU na JEMBE la M05 vinaondoka. Mistari 16 inabaki 13. Kisha `GROUP BY` inakusanya iliyobaki katika mafungu, moja kwa kila mteja. Hapo `COUNT(DISTINCT bidhaa)` inahesabu katika kila fungu ni bidhaa ngapi tofauti zilizomo: M01 ana 3, M02 ana 2, M03 ana 2 kwa kuwa mbegu zake mbili zinahesabiwa mara moja, M04 ana 3, na M05 ana 1. Mwisho `HAVING` inabakisha mafungu yaliyofikisha 3. Wanatoka M01 na M04.

Tofauti ya `WHERE` na `HAVING` ndiyo inayobeba kazi yote. Ya kwanza inachuja mistari kabla haijakusanywa. Ya pili inachuja mafungu baada ya kukusanywa na kuhesabiwa. Hesabu haiwezi kuwekwa kwenye `WHERE` kwa sababu wakati huo bado hakuna fungu la kuhesabu.

Hoja yenyewe inasimama juu ya jambo moja ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Tunalinganisha idadi na idadi, ilhali tunachotaka kujua ni kama vitu ni vilevile. Kwa kawaida idadi kuwa sawa hakuthibitishi chochote: wewe una vitu vitatu, mimi nina vitu vitatu, na huenda hakuna hata kimoja kinachofanana. Hapa ulinganisho unafaa kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Mchujo umehakikisha kwamba kilichobaki kwa kila mteja kimetoka ndani ya seti, na `DISTINCT` imehakikisha kwamba hakuna kitu kilichohesabiwa mara mbili. Mtu mwenye vitu vitatu tofauti, vyote kutoka katika seti ya vitu vitatu, hana namna nyingine ila kuwa navyo vyote. Ondoa moja ya sababu hizo mbili na uthibitisho unaanguka.

Tuone unavyoanguka. Ondoa mchujo, ubakize `COUNT(DISTINCT bidhaa) = 3` peke yake. M05 mwenye UREA, SUMU na JEMBE ana bidhaa tatu tofauti, kwa hiyo anaingia kwenye orodha. M04 ana nne, kwa hiyo anatolewa, ingawa amenunua kila tulichotaka na kuongeza. Orodha inakuwa M01 na M05.

Sasa rudisha mchujo lakini uandike `COUNT(*)`, inayohesabu mistari badala ya bidhaa tofauti. M03 mwenye mbegu mbili na DAP ana mistari mitatu, anaingia. M04 mwenye UREA mbili ana minne, anatoka. Orodha inakuwa M01 na M03. Angalia jinsi kosa hili lilivyojificha: jibu sahihi lina wateja wawili, na majibu haya mawili yenye makosa nayo yana wateja wawili. Mwenye duka anayepima kazi kwa kuangalia jumla hataona kasoro yoyote. Atampa M03 punguzo ambalo hakustahili, na M04, mteja wake mkubwa, ataachwa nje kwa sababu tu alirudi dukani kununua zaidi. Kosa hili huwaumiza hasa wateja wa kudumu, kwa kuwa ndio wanaorudia manunuzi.

Kuna kipimo chepesi cha kuligundua. Kabla ya kuweka `HAVING`, omba namba ionekane pembeni ya kila mteja, kisha tafuta iliyo kubwa kuliko zote. Seti ikiwa na vitu vitatu, hakuna mteja anayeweza kuwa na zaidi ya vitatu. Ukiona 4, ama umehesabu mistari badala ya bidhaa tofauti, ama mchujo wako umepitisha kisichotakiwa.

Si kila programu inaikubali `COUNT(DISTINCT ...)`. PostgreSQL, MySQL na SQLite zinaikubali. Access ya Microsoft, ambayo bado imo katika ofisi nyingi ndogo, haiikubali. Njia ya kuzunguka ni kufuta marudio kwanza, kisha kuhesabu mistari iliyobaki:

```sql
SELECT mteja
FROM (SELECT DISTINCT mteja, bidhaa
      FROM manunuzi
      WHERE bidhaa IN ('MBEGU', 'DAP', 'UREA')) AS t
GROUP BY mteja
HAVING COUNT(*) = 3;
```

Binafsi naipenda hata pale ambapo si lazima, kwa kuwa inaonyesha waziwazi mahali ambapo mbegu mbili za M03 zinageuka kuwa mstari mmoja.

Kuna udhaifu mwingine ambao hauonekani siku ya kwanza. Seti imeandikwa mara mbili: mara moja kwa majina ndani ya mabano, na mara nyingine kwa ile namba 3 ya mwisho. Msimu ujao mwenye duka anaamua kwamba seti kamili iwe na SUMU ya viwavijeshi pia. Anaongeza jina la nne kwenye mabano na kusahau namba. Sasa swali linatafuta wateja wenye vitu vitatu barabara kati ya vinne. M04 aliyenunua vyote vinne ana 4, kwa hiyo anatolewa. M01 ambaye hana SUMU ana 3, kwa hiyo anaingia. Swali limegeuka kinyume: linawataja waliopungukiwa na kimoja na kuwaficha waliokamilisha. Programu haitoi onyo lolote, kwa sababu kila neno liliandikwa sawasawa.

Dawa ni kuiweka seti mahali pamoja. Tengeneza jedwali dogo liitwe `seti`, lenye bidhaa zinazohitajika, kisha mchujo na namba vyote vitoke humo:

```sql
SELECT m.mteja
FROM manunuzi m
JOIN seti s ON s.bidhaa = m.bidhaa
GROUP BY m.mteja
HAVING COUNT(DISTINCT s.bidhaa) =
       (SELECT COUNT(DISTINCT bidhaa) FROM seti);
```

`JOIN` inafanya kazi iliyokuwa ya mchujo, kwa kuwa ununuzi usio na mwenzake ndani ya `seti` haupiti. Na ile 3 sasa inahesabiwa upya kila swali linapoendeshwa. Ukiongeza SUMU kwenye jedwali, pande zote mbili za alama ya usawa zinajirekebisha, na M04 anabaki peke yake, kama inavyopasa. `DISTINCT` imewekwa upande wa pili pia, kwa sababu mtu anaweza kuingiza UREA mara mbili kwenye `seti` kwa bahati mbaya. Bila hiyo seti ingehesabika kuwa na vitu vinne, na hakuna mteja ambaye angefikisha nne za vitu vitatu.

Swali hili lina ukoo mrefu. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya IBM mjini San Jose, California, alichapisha mwaka 1970 makala iliyopendekeza data zitunzwe katika majedwali na kuulizwa kwa kanuni za hisabati. Mwaka 1972 aliorodhesha vitendo vinavyoweza kufanywa juu ya majedwali, na kimojawapo kilikuwa kugawanya: jedwali la manunuzi likigawanywa kwa jedwali la seti, jibu ni wateja wenye kila kitu. Wazo lake linaeleweka ukianzia kwenye kuzidisha. Chukua wateja wetu watano, umuunganishe kila mmoja na kila kitu kati ya vile vitatu vya awali, na utapata jozi 15. Hizo ni jozi zote ambazo zingekuwepo kama kila mteja angekamilisha. Mteja ambaye jozi zake zote tatu zinaonekana katika manunuzi halisi ndiye anayetoka kama jibu la kugawanya.

Lugha ya SQL ilipoanza, wakati Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wote wa IBM, walipoitangaza mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL, lengo lilikuwa watu wasio wanahisabati waweze kuuliza maswali kwa maneno ya kawaida. Hata hivyo SQL ya leo haina neno moja la kufanya mgawanyo huo. Anayeuhitaji lazima aujenge mwenyewe kwa vipande vilivyopo. Kukusanya na kuhesabu ni njia mojawapo. Nyingine, inayopendwa na walimu wa somo hili, hutumia kukanusha mara mbili: mtafute mteja ambaye hakuna kitu katika seti ambacho hakukinunua. Ukiisoma polepole ni sawa kabisa na kusema amenunua vyote, lakini akili ya msomaji huzunguka nayo. Njia ya kuhesabu humweleweka hata mtu aliyejifunza SQL mwezi uliopita, na kwangu hiyo ni sababu ya kutosha kuianza.

Zipo nyakati ambapo njia hizi mbili hutoa majibu tofauti, na inafaa kuzijua. Jedwali la `seti` likiwa tupu, njia ya kukanusha huwarudisha wateja wote, kwa sababu hakuna kitu ambacho mtu yeyote amekikosa. Njia ya kuhesabu hairudishi yeyote: `JOIN` na jedwali tupu haizai mstari, na pasipo mistari hakuna fungu la kulinganisha. Mwanahisabati atakuambia jibu la kwanza ndilo sahihi. Mwenye duka ambaye kijana wake amefuta `seti` kwa bahati mbaya siku ya kutuma ujumbe wa punguzo atafurahia zaidi la pili. Lililo muhimu ni kuamua mapema unataka lipi.

Yote hayo yalichukulia kwamba majedwali yanasema kweli. Duka halisi huleta matatizo mengine, na mengi hayatibiki kwa kubadilisha `HAVING`.

La kwanza ni ujazo wa mifuko. UREA inauzwa kwa mfuko wa kilo 50 na pia wa kilo 25, na kila mmoja huwa na kodi yake kwenye mfumo, tuseme UREA50 na UREA25. Ukiweka kodi zote mbili kwenye seti, utakuwa unadai mkulima anunue mifuko ya aina zote mbili, na karibu wote watashindwa. Ukiweka moja, utawaacha walionunua nyingine. Anachohitaji mkulima ni UREA, mfuko wowote. Kwa hiyo jedwali la `bidhaa` lipewe safu nyingine inayotaja aina, ambamo kodi zote mbili zinasomeka UREA, na kinachohesabiwa kiwe aina:

```sql
SELECT m.mteja
FROM manunuzi m
JOIN bidhaa b ON b.kodi = m.kodi
WHERE b.aina IN ('MBEGU', 'DAP', 'UREA')
GROUP BY m.mteja
HAVING COUNT(DISTINCT b.aina) = 3;
```

Mkulima aliyechukua mfuko mmoja wa kilo 50 na mmoja wa kilo 25 sasa anahesabiwa UREA mara moja. Hali ni hiyohiyo kwa mbegu, ambapo duka moja linaweza kuwa na aina kumi za mahindi kutoka kampuni mbalimbali.

La pili ni mteja wa kaunta. Mtu anaingia, analipa taslimu, anaondoka, na muuzaji hana muda wa kuuliza jina. Katika mifumo mingine mauzo hayo yote huandikwa kwa mteja mmoja wa kubuni anayeitwa TASLIMU. Katika mingine safu ya mteja huachwa wazi. Matokeo ni mamoja, kwa sababu `GROUP BY` hukusanya mistari yote yenye nafasi wazi katika fungu moja. Fungu hilo lina manunuzi ya mamia ya watu, kwa hiyo kila kitu kimo, na mteja huyu asiyekuwepo anatokea kwenye orodha kila mara akiwa amekamilisha seti. Kwenye `WHERE` inabidi kusema wazi kwamba TASLIMU na nafasi zilizo wazi hazitakiwi. Kinyume chake ni mkulima aliyeandikishwa mara mbili, mara kwa jina lake na mara kwa namba ya simu ya mkewe. Manunuzi yake yamegawanyika katika mafungu mawili, na hakuna hata moja linalofikisha 3.

La tatu ni msimu. Mkulima aliyenunua mbegu na DAP mwaka jana, na mwaka huu akachukua UREA tu, atahesabiwa kuwa amekamilisha kama hakuna mpaka wa tarehe. Mpaka huo unawekwa kwenye `WHERE`, ili manunuzi ya msimu uliopita yaondoke kabla ya kukusanywa. Na iwe tarehe ya kuanzia na ya kumalizia, mfano Oktoba hadi Aprili. Ukiandika mwaka wa kalenda pekee utaukata msimu katikati, mbegu zibaki mwaka mmoja na UREA ihamie mwaka mwingine.

La nne ni bidhaa zilizorudishwa. Mifumo mingi huandika urejeshaji kama mstari mpya wenye idadi hasi: aliuziwa mfuko 1, kisha -1. Hesabu yetu inaona UREA imo, na haiulizi kama ilibaki kwa mteja. Pale ambapo urejeshaji hutokea mara kwa mara, inabidi kwanza kujumlisha idadi kwa kila mteja na kila bidhaa, kubakisha jozi ambazo jumla yake inazidi sifuri, kisha ndipo kuhesabu. Katika duka la mbolea hili ni nadra, kwa kuwa mfuko ukishafunguliwa haurudi. Katika duka la nguo au la simu ni jambo la kila wiki, na kulipuuza kutaharibu orodha nzima.

Turudi kwa mwenye duka na yule mkulima ambaye hajachukua UREA. Orodha ya waliokamilisha haimsaidii hapa. Anawataka waliopungukiwa, na anataka kujua wamepungukiwa na nini. Akibadilisha alama ya usawa kuwa `<` atapata M02, M03 na M05, lakini hatajua cha kuwaambia. Tena mteja ambaye hajanunua chochote katika seti hatatokea kabisa, kwa kuwa hana mstari hata mmoja wa kukusanywa. Hapa zile jozi 15 ndizo zinazofaa. Tuseme duka lina jedwali la `wateja`, na `seti` ina vile vitu vitatu:

```sql
SELECT w.mteja, s.bidhaa
FROM wateja w CROSS JOIN seti s
WHERE NOT EXISTS
  (SELECT 1 FROM manunuzi m
   WHERE m.mteja = w.mteja
     AND m.bidhaa = s.bidhaa);
```

`CROSS JOIN` inazidisha wateja kwa seti, na `NOT EXISTS` inabakisha jozi ambazo hazimo katika manunuzi. Kati ya 15, jozi 11 zipo na nne hazipo: M02 hana UREA, M03 hana UREA, M05 hana MBEGU wala DAP. Wawili wa kwanza ndio wa kupigiwa simu, kwa sababu wana mahindi shambani yaliyopandwa kwa DAP na yanangoja mbolea ya kukuzia. M05 ni habari nyingine. Amenunua UREA bila mbegu, na yaelekea mbegu na mbolea ya kupandia alizipata kwingine. Jedwali linajua tu kilichopita juu ya kaunta hii, kwa hiyo anayempigia M05 aanze kwa kumuuliza alipanda nini na lini, kabla ya kumtajia bei ya DAP.